Maneno ya sifa kwenye barua ya udhamini: lipi zito, lipi jepesi?

#1 HesabuNdogo

Wakuu salaam. Niko Morogoro, mhasibu kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kuna binti alikuwa mtunza stoo wetu, aliondoka mwaka jana kwa hiari yake, na sasa anaomba kazi ya stoo kwenye kampuni inayouza dawa kwa jumla. Wamemtaka alete barua ya mtu aliyefanya naye kazi, ieleze tabia yake. Vyeti wanavyo tayari. Ameniomba mimi, na bosi ameruhusu nitumie karatasi yenye nembo ya ofisi.

Nimeandika hivi:

"Ninamfahamu vizuri. Ni mtu mwenye tabia nzuri, mpole, mtiifu, mcheshi, mchapakazi, mwaminifu na anayeshirikiana vizuri na wenzake. Namtakia kila la heri."

Nikiisoma naona ingemfaa mtu yeyote hapa mjini. Nataka maneno haya yapangwe kuanzia zito mpaka jepesi, nichukue mawili matatu ya juu, mengine niyaache. Ukweli wenyewe ni kwamba kwa mali ya watu sina wasiwasi naye hata kidogo. Udhaifu wake ni kuchelewa asubuhi, na ni mtu asiye na maneno mengi. Mngepangaje?

#2 Jembe Butu

Mcheshi halafu hana maneno mengi. Anachekesha kwa ishara?

#3 HesabuNdogo

Hilo lilikuwa la kujaza mstari mkuu. Limeshaondoka.

#4 Mwl. Chaki

Mbona jambo rahisi. Shuleni kwetu kwenye mstari wa tabia tunaandika nzuri sana, nzuri, au ya kuridhisha. Ukikuta "ya kuridhisha" kwenye cheti cha mtoto, jua kuna siku alipita ofisini na mzazi wake. Kwa hiyo ngazi ni hizo tatu, na kinachopandisha ni hilo "sana". Andika mwaminifu sana, mchapakazi sana, umemaliza.

#5 Mzee wa Masijala

Mwalimu, kwenye "ya kuridhisha" nakuunga mkono. Kwenye "sana" hapana.

Nimekaa utumishi miaka mingi, tangu enzi za kujaza taarifa za siri za watumishi kabla mfumo wa OPRAS wa kupima utendaji haujaingia mwaka 2004. Barua za namna hii zimepita mezani kwangu mpaka nikachoka. "Sana" ina kazi kwenye fomu, kwa sababu kwenye fomu msomaji anaziona ngazi zote tatu na anajua umeacha zipi. Kwenye barua haoni kitu. Ukimwandikia "mwaminifu sana" anaanza kujiuliza huyo mwaminifu wa kawaida yukoje. Uaminifu ama upo ama haupo. Bidii ndiyo inayokubali kuongezwa na kupunguzwa.

Mimi nilivyokuwa nikizisoma, juu kabisa yanakaa maneno yanayosema mtu huyu hubaki yuleyule hata pasipo na wa kumwangalia: mwadilifu, mwaminifu, mkweli. Hayo mtu hayaandiki ovyo, maana siku mambo yakiharibika barua yako itatolewa kwenye faili. Yanafuata maneno ya kazi yenyewe: hodari, makini, anayewajibika, mchapakazi. Hapo hodari na makini yako juu ya mchapakazi, kwa sababu mchapakazi anaweza kuchapa kazi kutwa nzima na akaiharibu. Chini yake yapo maneno ya kuishi na watu: msikivu, mnyenyekevu, mstaarabu, mpole, mtiifu. Mazuri, lakini hayamwambii mwajiri kama stoo yake itakuwa salama. Na chini kabisa ni yale tunayoandika tukiwa hatuna la kusema: mwenye tabia nzuri, anapatana na wenzake, anajitahidi, hana tatizo lolote.

"Anajitahidi" ogopa. Ukiandika mtu anajitahidi kuwa mwaminifu umemmaliza.

Sasa tazama ulivyopanga wewe. Umeanza na jepesi kuliko yote na "mwaminifu" umelitupa nafasi ya sita. Msomaji anaamini kwamba ulichokitaja mwanzo ndicho kilichokujia mwanzo.

#6 binti_makunduchi

Mzee shikamoo. Umesahau muungwana. Kwetu Unguja ukisema fulani muungwana umeshamaliza, ndani yake mna ukweli, staha, kutosema watu na kurejesha cha mtu. Mimi naliweka juu ya hayo yako yote.

#7 Mzee wa Masijala

Marahaba mwanangu. Kwa mdomo nakubali, ni zito. Kwa barua ya kazi bara huku nina mashaka nalo, mtu wa Morogoro au Shinyanga ataelewa tu kwamba binti ana adabu, atalishusha mpaka kwenye mstaarabu. Halafu wapo wanaokumbuka kwamba zamani pwani muungwana alikuwa yule asiyekuwa mtumwa, halikuwa neno la tabia peke yake. Wengine halikai vizuri masikioni mwao.

#8 binti_makunduchi

Hayo ya zamani yameshakwisha, leo hata muuza maji huitwa muungwana akirudisha chenji. Ila la bara na pwani nimekuelewa. Basi aangalie anamwandikia nani.

#9 Boda wa Kihonda

Ndugu mwanzisha uzi, mimi ningekushauri umwachie mwenyekiti wa serikali ya mtaa aandike yeye. Mdogo wangu alidhaminiwa mahakamani, mdhamini akaja kusumbuliwa mpaka akataka kuuza pikipiki. Ukimdhamini mtu wa stoo na dawa zikapotea, zinakuja kwako.

#10 Jembe Butu

Boda, hapa hatuko mahakamani. Tuko kwenye vivumishi.

#11 Duka la Dawa

Msimcheke, amegusa kitu. Mimi nasimamia bohari ya dawa Dar (sio hiyo kampuni anayoomba binti, tulieni). Kwa mtu wa stoo au wa keshia, kampuni nyingi zina karatasi mbili tofauti na zote watu wanaziita za mdhamini. Ya kwanza ni barua ya kumweleza mtu. Ya pili ni fomu ya dhamana, ambayo unasaini kwamba hasara ikitokea utawajibika kwa kiasi fulani. HesabuNdogo ameombwa ya kwanza. Kwa hiyo kwenye barua asitumie neno "namdhamini" bila kufikiri. Kuna "namtambulisha", ambalo ni la chini, maana yake unamjua tu. Kuna "nampendekeza", hilo unaweka jina lako. "Namdhamini" unaweka na mfuko wako, au angalau mtu anaweza kulisoma hivyo. Andika "nampendekeza".

Na kwa hayo mengine, kwa kweli mimi huwa sisomi vivumishi. Karibu kila barua inayofika kwangu ina mwaminifu na mchapakazi. Nikizipanga barua kumi mezani nikafunika majina siwezi kukwambia ipi ni ya nani. Natafuta vitu vitatu: umekaa naye muda gani, alikuwa ameshika nini mikononi mwake, na siku gani ulimwona akifanya jambo ambalo angeweza kuliacha na hakuna ambaye angejua. Ukinipa hilo la tatu, ukimwita mwaminifu nakuamini. Usiponipa, hata ukimwita malaika ni yaleyale.

#12 Mwl. Chaki

Sasa hapo tunatoka kwenye mada. Kauliza maneno, sio hadithi.

#13 Duka la Dawa

Mwalimu, ndiyo nasema hilo neno halina uzito wake lenyewe. Uzito linaupata kwa kinacholifuata.

#14 Nesi Ughaibuni

Nawasalimu kutoka Hamburg. Duka la Dawa nakukubali kwa Bongo, ila ziko nchi ambako neno lina uzito wake lenyewe, tena linapimwa kama dhahabu. Huku Ujerumani ukiacha kazi mwajiri lazima akuandikie cheti cha utumishi, na wewe ukitaka, lazima aeleze pia utendaji na mwenendo wako. Mimi nilipohama hospitali ya kwanza nilipewa changu kikasema nimefanya kazi "kwa kuridhika kwetu". Nikafurahi, nikampigia mama. Mwenzangu Mkenya aliyekaa huku zamani akakisoma, akanyamaza, akaniambia ukirudishe.

Kumbe wana ngazi. Ya juu husema mtu alifanya kazi "daima, kwa kuridhika kwetu kukamilifu kupita kiasi". Ya pili, "daima, kwa kuridhika kwetu kukamilifu". Ya tatu wanatoa "daima". Ya nne wanatoa na "kukamilifu", inabaki "kwa kuridhika kwetu" peke yake, ndiyo niliyopewa mimi. Chini ya hapo wanaandika "kwa ujumla", na mwisho kabisa wanaandika kwamba mtu "alijitahidi". Mzee wa Masijala umenichekesha kwa hilo la kujitahidi, ni kama umekaa huku.

Na watu wanapelekana mahakamani kwa neno moja. Mwaka 2014 mahakama yao kuu ya kazi iliamua kesi ya mfanyakazi wa kliniki ya meno Berlin aliyetaka aongezewe hilo "daima". Mahakama ikasema ngazi ya tatu ndiyo ya wastani, anayetaka zaidi athibitishe mwenyewe kwamba alistahili.

#15 Jembe Butu

Yaani mtu anakwenda mahakamani kudai kielezi. Mwl. Chaki umepata wenzako.

#16 Mwl. Chaki

Nilisema. "Sana" ina kazi yake.

#17 Mzee wa Masijala

Ina kazi huko kwa sababu anayeandika na anayesoma wote wanaijua ngazi. Hapa kwetu hakuna aliyekubaliana na mwenzake. HesabuNdogo akiandika "daima" na akiiacha, Duka la Dawa hataona tofauti.

#18 Duka la Dawa

Sitaona, kweli.

#19 Nesi Ughaibuni

Kuna kimoja lakini nadhani kinavuka mipaka. Huku cheti cha mtu aliyeshika fedha kikieleza bidii na upole na usafi halafu kikanyamaza kuhusu uaminifu, msomaji anajua alichoambiwa, wala halikuandikwa neno baya hata moja. Nadhani hata hapo nyumbani, mtunza stoo akisifiwa kwa yote isipokuwa mali, mtu atashtuka.

#20 Duka la Dawa

Hilo ndiyo. Niliwahi kupata barua ya keshia iliyosifu usafi wake na sauti yake ya kwaya.

#21 HesabuNdogo

Asanteni wakuu, mnanifungua. Duka la Dawa, siku unayoiuliza ipo. Kulikuwa na fuso la saruji, hati ya mzigo inasema mifuko 200, ya kilo 50. Binti akahesabu wakati wa kushusha, akapata 206. Dereva anamhimiza asaini aondoke. Yeye akaandika 206 kwenye hati na kwenye leja, akanipigia simu niwaulize wauzaji. Kiwandani wakasema kweli walikosea kupakia. Mifuko ile sita angeiweka pembeni, mimi kwenye vitabu nisingeiona kamwe, maana ankara ilikuwa ya 200 na stoo ingesoma 200.

Hii nikiiandika si ndefu mno?

#22 Duka la Dawa

Andika hiyo. Wengi huniletea habari za mzigo uliopungua, kwamba mtu alipunjwa akagundua. Ni nzuri, lakini upungufu ungekuja kumdai yeye mwenyewe, alikuwa analinda shingo yake. Ziada haimdai mtu. Kwenye dawa ndiyo usiseme, boksi moja la ziada linaingia kwenye mkoba.

Na hapo ndipo utajua neno lako ni lipi. Habari hiyo ni ya uaminifu na ya umakini kwa pamoja, alihesabu na akasema. Sio ya uchapakazi wala upole. Umepata maneno mawili.

#23 MamaP

Jamani naomba niingie. Mnapanga maneno lakini hamjauliza anayesifiwa ni nani. HesabuNdogo, hebu fikiri mtunza stoo wako angekuwa kijana wa kiume. Ungeandika mpole na mtiifu?

Nimewahi kusomeshwa utafiti wa Frances Trix na Carolyn Psenka wa mwaka 2003. Walisoma barua zaidi ya 300 za kupendekeza watu kwenye kazi ya ualimu wa udaktari katika chuo kimoja Marekani. Barua za wanawake zilikuwa fupi zaidi, na zilielemea kwenye maneno ya juhudi, kwamba anajituma, anafanya kazi kwa bidii. Za wanaume zilielekea zaidi kwenye uwezo na utafiti wao. Wote walikuwa wanasifiwa, hakuna aliyesemwa vibaya. Ila ukizisoma pamoja mmoja anaonekana mtaalamu, mwingine msaidizi mzuri.

Kwa hiyo hilo "mchapakazi" mnalolipenda nalo liangalieni. Kwa mwanamke mara nyingi ndilo pekee analopewa.

#24 Mwl. Chaki

Dada, hao ni madaktari wa Marekani. Hapa kwetu utii ni sifa kubwa. Hata kwenye ripoti ya mwanafunzi upo, pamoja na bidii, usafi, utunzaji wa mali na uaminifu, kila moja na herufi yake. Kijana wa kiume pia ningemwandikia mtiifu.

#25 MamaP

Mwanafunzi sawa. Mtunza stoo mtiifu ni yule atakayetoa mzigo bila karatasi kwa sababu mtoto wa bosi amesema. Mimi simtaki huyo.

#26 Duka la Dawa

Kwetu mtunza stoo ndiye anayezuia dawa iliyopita muda isitoke hata mtu wa mauzo akipiga kelele. Mtiifu kwa utaratibu, ndiyo. Mtiifu tu, hapana.

#27 Mzee wa Masijala

Nakubaliana na MamaP kuhusu mtiifu, sikubaliani kuhusu mchapakazi. Nimeliandika kwa wanaume kwa wanawake bila kubagua. Na mpole nisingelitupa kabisa. Kuna kazi za mapokezi na wodi, upole huko ni uwezo.

#28 MamaP

Mzee kwa heshima yako, unakumbuka ulivyoandika au unavyopenda kukumbuka?

#29 Jembe Butu

Naenda kuchukua karanga.

#30 Kipanga

Mnasumbuka bure. Sheria inamlazimisha mwajiri kumwandikia mfanyakazi barua nzuri anapoondoka. Binti aende kwa bosi adai, akikataa aende CMA, kwenye tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi.

#31 Wakili Kijana Nakuru

Kipanga, hapo umechanganya. Kwetu Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 kifungu cha 51 inamtaka mwajiri atoe cheti cha utumishi: jina la mwajiri, jina la mfanyakazi, alianza lini, alifanya kazi gani na wapi, aliacha lini. Kifungu hichohicho kinasema mwajiri halazimiki kutoa barua ya tabia au utendaji. Kwenu Tanzania pia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 44, inadai cheti cha utumishi mkataba unapokoma. Hicho ni ushahidi kwamba ulikuwepo kazini. Sifa ni hisani ya anayeandika.

Na kama ni hisani, basi anayeandika awe mkweli. Hapa kwetu wengine wameamua kutoandika tabia kabisa, wanatoa tarehe na cheo, basi. Wanaogopa kesi.

#32 Kipanga

Sawa wakili. Lakini barua ya tarehe na cheo tu si ndiyo kama ile ya keshia wa kwaya? Mtu ataona mmeficha kitu.

#33 Wakili Kijana Nakuru

Kama ofisi inawapa wote hivyohivyo, haimaanishi chochote. Shida ni pale anayesoma hajui kama ndio utaratibu wa ofisi hiyo. Sina dawa ya hilo.

#34 HesabuNdogo

Sasa nimebaki na suala la kuchelewa. Alikuwa anatoka Mkundi, asubuhi usafiri unasumbua, mara nyingi saa mbili kasoro imemkuta njiani wakati stoo inafunguliwa saa moja na nusu. Niliandike? Nikinyamaza si nitakuwa nimedanganya?

#35 Mzee wa Masijala

Usiliandike na usilifiche. Maana yake, usiandike neno lolote linalogusa muda. Usiseme "anajali muda", usiseme "mwenye nidhamu ya kazi", maana nidhamu inaanzia getini. Wakikupigia simu wakauliza, jibu kweli.

#36 Nesi Ughaibuni

Kwa Mjerumani kunyamaza kuhusu muda ni sawa na kuliandika, mzee.

#37 MamaP

Mimi ningeliandika. Sentensi moja ya udhaifu inafanya hizo nyingine ziaminike. Barua yenye sifa tupu ndiyo hiyo Duka la Dawa anasema haisomi.

#38 Wakili Kijana Nakuru

Mimi nisingeliandika. Karatasi haijibu maswali. Kwenye simu utasema alikuwa anatoka mbali na usafiri ulikuwa tabu, kwenye barua litabaki neno "huchelewa" na jina lake.

#39 Duka la Dawa

Mimi ndiye ninayepiga simu na siku zote nauliza. Swali langu la pili ni muda. La kwanza ni kama ungependa afanye kazi tena na wewe. Hapo huwa sisikilizi jibu, nasikiliza amekaa kimya sekunde ngapi.

#40 HesabuNdogo

Hii hapa ya pili. Semeni.

"Nimefanya kazi na mtajwa kwa miaka mitatu, yeye akiwa mtunza stoo pekee wa duka letu na mimi nikiwa mhasibu ninayekagua vitabu vyake kila mwisho wa mwezi. Alishika funguo za stoo, leja na hati zote za kupokelea na kutolea mzigo.

Ni mwaminifu na makini. Siku moja alipokea saruji ambayo hati yake ilisema mifuko 200, akahesabu 206, akaandika 206 na kutoa taarifa siku hiyohiyo, ingawa ziada hiyo isingeonekana popote kwenye vitabu vyangu. Ni mtu asiye na maneno mengi, lakini hakuwahi kutoa mzigo bila karatasi, hata alipobanwa na wakubwa zake, mimi nikiwa mmoja wao.

Nampendekeza kwa kazi yoyote ya kutunza mali. Ningemwajiri tena bila kusita."

#41 Mzee wa Masijala

Imesimama. Rekebisha mwisho, wewe si mwajiri, ni mhasibu. "Ningemwajiri" ni kauli ya bosi. Andika "ningependa kufanya naye kazi tena". Na "bila kusita" iondoe, haiongezi kitu.

#42 Mwl. Chaki

Kwa nini umeondoa "mchapakazi"? Mtu akisoma atasema ni mwaminifu lakini mvivu.

#43 MamaP

Mwalimu, mtu pekee kwenye stoo nzima kwa miaka mitatu, mvivu atatoka wapi?

#44 binti_makunduchi

Mimi hilo la "asiye na maneno mengi" nalipenda, limemweka mtu mbele yangu. Ila wengine watasoma kuwa ana kiburi. Andika "mtulivu".

#45 Duka la Dawa

Mtulivu ni kama mpole, linapita bila kushika. Liache hivyo lilivyo. Watu wasio na maneno mengi nawapenda stoo.

#46 Mzee wa Masijala

Mimi ningeweka "mwadilifu" badala ya "mwaminifu". Uaminifu ni kwa ulichokabidhiwa. Uadilifu unabeba na hilo la kumkatalia mkubwa.

#47 Duka la Dawa

Mwadilifu limechoka mzee. Liko kwenye kila hotuba na kila bango la ofisi. Mwaminifu bado mtu wa kawaida anamwambia jirani yake.

#48 Mzee wa Masijala

Limechoshwa na wasiostahili, hilo si kosa lake.

#49 HesabuNdogo

Nimebadilisha mwisho kama alivyosema mzee, mwaminifu nimeliacha, la muda nimenyamaza nisubiri simu. Kesho asubuhi anakuja kuichukua.

#50 Jembe Butu

Akifika kwa wakati utuambie.

Sasa nami nina langu. Shemeji anataka nimwandikie barua kwa wakwe watarajiwa, waliuliza kijana tabia yake ikoje. Ni mkarimu sana, pesa haikai. Hilo linakaa ngazi gani?

#51 MamaP

Inategemea ukarimu wake anaufanyia wapi na saa ngapi usiku.

#52 binti_makunduchi

Mwandikie muungwana, halafu mwombe arejeshe anachodaiwa kabla wakwe hawajaisoma.